Dodoma na hesabu ya maji: mji mmoja, kasi mbili za ukuaji

Tuseme ni mwaka 2013. Matokeo ya sensa ya Agosti 2012 yameshatoka, na mhandisi wa maji ameambiwa aandae makadirio ya mahitaji kwa ajili ya mpango kabambe wa maji wa Dodoma. Anafungua takwimu. Manispaa ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 320,000 mwaka 2002, na mwaka 2012 ina watu 410,956. Anapiga hesabu na kupata kasi ya ukuaji ya asilimia 2.4 kwa mwaka. Ni kasi ya kawaida, tena iko chini kidogo ya ile ya taifa ya kipindi hicho. Anaiweka kwenye jedwali na kuendelea na kazi. Kwa kasi hiyo, mwaka 2022 mji utakuwa na watu karibu 521,000.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma.

Tofauti ni watu 244,000. Tukimpa kila mmoja wao lita 100 tu kwa siku, tukijumlisha na sehemu yake ya maji ya ofisi, shule na yale yanayovuja njiani, tunapata zaidi ya lita milioni 24 kwa siku ambazo hazikuwa kwenye mpango wowote. Kwa mji ambao kwa miaka mingi umetegemea visima virefu vya Mzakwe, kaskazini mwa mji, vyenye uwezo wa lita milioni sitini na kitu kwa siku, hiyo ni zaidi ya theluthi ya chanzo chake kikuu.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu mhandisi wetu wa kufikirika hakukosea hesabu. Kila hatua aliyoipita ndiyo tunayofundishwa. Nataka tuifuate kazi hiyohiyo kuanzia sensa ya 2022 hadi mwaka 2045, tuone inapopinda na inapovunjika. Namba za watu ni za sensa. Viwango vya matumizi na upotevu ni dhana zangu za kufanyia kazi, wala si za mpango rasmi wa mamlaka yoyote, na kila ninapoweka dhana nitasema.

Asilimia 6.4 si kasi ya mji wowote

Kutoka watu 410,956 hadi 765,179 kwa miaka kumi kamili, kasi ya wastani inatoka hivi:

```
r = (765179 / 410956)^(1/10) - 1 = 0.064
```

Yaani asilimia 6.4 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo mji unajirudufu kila baada ya miaka 11. Kishawishi cha kwanza ni kuichukua namba hii na kuivuta moja kwa moja hadi mwisho wa mpango, na hapo ndipo makosa ya 2013 yanajirudia kwa upande wa pili.

Tukumbuke kilichotokea katikati. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973. Mamlaka ya kustawisha makao makuu ikaundwa, ramani za mji zikachorwa, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Mhandisi wa 2013 aliujua uamuzi huo kama kila Mtanzania alivyoujua. Angeweka kasi kubwa kwa kutegemea uhamisho ambao ulikuwa haujatokea kwa miongo minne, angeulizwa ushahidi, na asingekuwa nao. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na safari hii ikahama kweli. Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba.

Kwa hiyo miaka kumi ya sensa ina vipindi viwili ndani yake. Tukidhani kwamba mji uliendelea na asilimia 2.4 yake hadi 2016, ungekuwa na watu karibu 452,000 mwaka huo. Ili ufike 765,179 miaka sita baadaye, ilibidi ukue kwa asilimia 9.2 kwa mwaka. Hatuna sensa ya 2016 ya kuthibitisha mgawanyo huo, lakini mwelekeo wake haupingiki: Dodoma ilitembea, kisha ikakimbia. Asilimia 6.4 ni wastani wa kutembea na kukimbia, na pengine hakuna mwaka hata mmoja ambao mji ulikua kwa kasi hiyo hasa.

Jambo hili lina uzito kwa sababu uhamisho wa serikali ni tukio la mara moja. Mtumishi anahama na familia yake, anafuatwa na fundi, mama ntilie, dereva wa bodaboda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wimbi hilo ni kubwa lakini wizara haihami mara mbili. Baada yake mji unarudi kwenye injini zake za kawaida: vizazi, wanafunzi wa vyuo, watu wanaotoka wilaya za jirani, na biashara ambazo mji mkubwa huzivuta wenyewe. Injini hizo bado zina nguvu kuliko zilivyokuwa 2012, kwa sababu mji sasa ni mkubwa zaidi, ila si za asilimia tisa.

Nimeweka njia tatu. Ya chini inafuata kasi ya taifa ya 2012 hadi 2022, asilimia 3.2, na inatupa watu 1,579,000 mwaka 2045. Ya juu inashikilia asilimia 6.4 mpaka mwisho, na inatupa 3,187,000. Ya kati inapungua hatua kwa hatua: asilimia 6 hadi 2027 wakati wimbi la uhamisho likimalizikia, 4.5 hadi 2035, kisha 3.5 hadi 2045. Hiyo inaishia kwenye watu 2,054,000, na ndiyo nitakayoifanyia kazi.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kabla ya kuigusa hata lita moja. Jiji la Dodoma kwenye ramani ya sensa ni eneo kubwa mno, zaidi ya kilomita za mraba 2,500, na ndani yake zimo kata ambazo ukizitembelea utaona mashamba ya zabibu na ya mtama kuliko nyumba. Mpaka wa sensa si mpaka wa mtandao wa mabomba. Nimedhani kwamba mwaka 2045 asilimia 90 ya wakazi watakuwa ndani ya eneo la huduma na wengine watahudumiwa na visima vyao vya vijijini. Hiyo ni watu 1,849,000. Anayeruka hatua hii huwajengea bomba kuu watu ambao bomba halitawafikia. Au hufanya kinyume: hugawanya maji yanayozalishwa kwa watu wote wa jiji, akapata matumizi madogo ya mtu mmoja, akadhani watu wa Dodoma hawapendi kuoga.

Lita ngapi kwa mtu, na ankara inavyodanganya

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana nimeona kazi nzuri zikiharibikia hapa.

Njia inayoonekana ya uaminifu kuliko zote ni kuchukua ankara za mamlaka ya maji, kujumlisha uniti zilizouzwa majumbani, na kugawa kwa watu. Uniti moja ni lita 1,000, hesabu ni nyepesi, na data ni za mahali penyewe. Kwenye mji wenye maji saa 24 njia hiyo ni sahihi. Kwenye mji wa mgao inapima kitu kingine kabisa.

Niliwahi kufuatilia dira moja katika mji ambao sitautaja, kwenye nyumba ya kupanga yenye kaya tatu, watu 11. Dira ilisoma uniti 9 kwa mwezi. Gawa: lita 9,000 kwa siku 30 kwa watu 11, unapata lita 27 kwa mtu kwa siku. Kwenye karatasi hao ni watu wa kioski, si watu wenye bomba uani. Lakini uani palikuwa na mapipa matatu ya bluu, ndoo zilizopangwa ukutani na simtanki ndogo juu ya matofali. Nikamuuliza mwenye nyumba maji yanatoka lini.

"Jumanne na Ijumaa, mwanangu, tena usiku. Jumanne usipoamka ndiyo basi, unasubiri Ijumaa."

"Na siku nyingine mnafanyaje, mama?"

"Si tunanunua kwa wenye guta. Madumu sita kila siku, siku za kufua zaidi."

Madumu sita ni lita 120, ambazo hazipiti kwenye dira yake wala kwenye ankara ya mtu yeyote. Zinaongeza lita 11 kwa kila mtu, tukafika 38. Hata hizo 38 si mahitaji yao. Ni kiasi wanachoweza kukibeba na kukilipia. Lita 27 za ankara zilikuwa kipimo cha mapipa matatu na simtanki moja mara mbili kwa wiki. Siku mji huo utakapopata maji kila siku, dira ileile itaruka bila familia kuongezeka mtoto hata mmoja, na mtambo mpya uliosanifiwa kwa lita 27 utazidiwa mwaka wa kwanza.

Namna ya kugundua hali hii si ngumu. Chukua madira ya maeneo mawili yenye nyumba za aina moja, moja liko karibu na tangi kuu ambako maji hayakatiki, jingine liko mwisho wa mtandao. Ukiona la kwanza linatumia mara mbili ya la pili, basi la pili linapimiwa mgao, na la kwanza ndilo linalokuambia ukweli kuhusu mahitaji. Viwango vya usanifu jenga kwa kutumia maeneo yasiyokatikiwa maji. Angalia pia nani yuko nyuma ya dira: uani kwa mama yule majirani wawili walikuwa wakinunua ndoo kutoka bomba lake siku za maji, hivyo hata wale watu 11 hawakuwa wote waliotumia uniti zile 9.

Kwa Dodoma ya 2045 nimegawa wakazi wa eneo la huduma katika makundi manne. Asilimia 15 watachota kwenye vioski, lita 25 kwa mtu, kiwango ambacho Tanzania imekitumia kwa muda mrefu kwa watu wanaobeba maji kichwani. Nusu nzima watakuwa na bomba uani, lita 60. Asilimia 30 watakuwa na mabomba ndani ya nyumba, choo cha kuvuta na bafu, lita 110. Asilimia 5 ni nyumba kubwa zenye bustani, lita 180. Ukizipima kwa uzito wake, wastani unatoka lita 75.75 kwa mtu.

Wastani huo una maana tu ukiwa na mgawanyo wake pembeni. Mipango mingi huandika "lita 80 kwa mtu" na kuishia hapo, na miaka kumi baadaye hakuna anayejua kama ilidhaniwa kwamba watu watahama kutoka kioski kwenda bomba la uani au la. Huku kuhama ndiko kunakopandisha mahitaji ya mji unaoendelea, wakati mwingine kuliko vizazi. Mtu mmoja akitoka kioski na kuingiza bomba uani, mahitaji yake yamezidi mara mbili. Lita 10 zikiongezeka kwenye wastani wetu zinasogeza jibu la mwisho kwa zaidi ya lita milioni 30 kwa siku.

Kutoka bombani kurudi kwenye chanzo

Watu 1,849,000 kwa lita 75.75 ni lita milioni 140 kwa siku majumbani. Ofisi za serikali, vyuo, hospitali, mahoteli, masoko na viwanda nimeviwekea robo ya matumizi ya majumbani, lita milioni 35. Kwa mji wa kawaida hiyo ni dhana ya kutosha kuanzia. Kwa makao makuu ya nchi ningependa kuona orodha yenye majina: chuo kikuu kina wanafunzi wangapi wanaolala bwenini, Mtumba ina watumishi wangapi mchana. Mtumishi huyohuyo anatumia maji ofisini saa nane na nyumbani saa zilizobaki, na asipoangaliwa atahesabiwa kama watu wawili.

Jumla ni lita milioni 175 zinazofika kwa watumiaji. Sasa upotevu. Nimedhani kwamba kufikia 2045 mtandao utakuwa unapoteza asilimia 20 ya maji yanayozalishwa, lengo gumu lakini linalofikika. Makosa niliyoyasahihisha mara nyingi kwenye jedwali la mhandisi kijana ni kuzidisha 175 kwa 1.2 na kuandika 210. Asilimia 20 ni ya kinachotoka kwenye mtambo, kwa hiyo yanayofika kwa watu ni asilimia 80 yake. Unagawa: 175 kwa 0.8, unapata 218.75. Karibu lita milioni 9 kwa siku zimepotea kwa kubonyeza alama isiyo sahihi, na hizo zinatosha mji mdogo.

Mwisho kabisa, siku ya kilele. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Oktoba na Novemba jua ni kali, vumbi limetanda, mabwawa ya pembeni yamekauka, na kila mtu anategemea bomba. Nimeweka kigezo cha 1.2, lakini kwa matumizi tu. Uvujaji hauongezeki kwa sababu watu wana kiu. Tundu la bomba linavuja vilevile, na presha ikishuka linavuja pungufu kuliko jana. Kwa hiyo ni 175 mara 1.2, ukiongeza upotevu wa 43.75: karibu lita milioni 254 kwa siku.

Hiyo ndiyo namba ya njia ya kati. Kwa njia ya chini, kila dhana nyingine ikibaki ilivyo, ni lita milioni 195. Kwa njia ya juu ni 394.

Kuisoma tofauti kwa miaka badala ya lita

Ukimpelekea mkurugenzi namba tatu, 195, 254 na 394, atakuuliza ipi ni sahihi, na hapo mazungumzo hukwama. Mimi nimeona inasaidia kuigeuza. Tuseme tumejenga uwezo wa lita milioni 254. Mji ukifuata njia ya kati, utajaa mwaka 2045 kama tulivyopanga. Ukifuata njia ya juu, utajaa mwaka 2038. Ukifuata ya chini, utajaa 2053 hivi. Swali limekuwa jingine: tunaweza kuvumilia mradi unaojaa miaka saba mapema, au unaokaa miaka minane ukilipiwa mkopo bila kutumika?

Jibu linategemea ni kifaa gani. Pampu huishi miaka kumi hadi kumi na tano, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua leo pampu ya 2045. Inunuliwe ya 2035, na chumba chake kiachwe na nafasi ya nyingine. Kwa mwaka 2035, nikichukua watu 1,456,000, asilimia 90 yao wakiwa ndani ya eneo la huduma, wastani wa lita 68 na upotevu wa asilimia 25, siku ya kilele inahitaji lita milioni 171. Hiyo ndiyo awamu ya kwanza. Bomba kuu la kilomita nyingi ni tofauti. Kuchimba mtaro ni gharama ileile ukizika bomba dogo au kubwa kidogo, hivyo bomba lisanifiwe kwa 2045 au zaidi. Bwawa, kama lile la Farkwa wilayani Chemba ambalo limekuwa kwenye mipango ya Dodoma kwa muda mrefu, halijengwi nusu.

Na miaka ya kipindi cha usanifu ihesabiwe kuanzia siku maji yanapotoka, si siku ripoti inaposainiwa. Mpango wenye mwaka wa ukomo 2045 ambao chanzo chake kinakamilika 2033 una miaka 12 ya kazi, hata kama jalada linasema ishirini. Dodoma haiwezi kuziba pengo hilo kwa kuongeza visima tu. Bonde la Makutupora, ambamo visima vya Mzakwe vimo, linajazwa zaidi na miaka michache yenye mvua kubwa, kama ile ya El Ninyo ya 1997 na 1998, na katikati ya miaka hiyo kina cha maji hushuka taratibu. Kisima kinachotoa vizuri mwaka baada ya mvua hizo si kipimo cha miaka kumi ijayo.

Kilichomkosesha mhandisi wa 2013 si kasi aliyoiweka bali kutoandika ni lini ingepaswa kuangaliwa upya. Tangazo lilitoka 2016. Kufikia 2018 maombi ya kuunganishiwa maji na vibali vya ujenzi vilikuwa vinatosha kuonyesha kwamba asilimia 2.4 imekufa, miaka minne kabla ya sensa kusema.

Kwa hiyo kwenye jedwali la Dodoma ningeongeza safu moja ya mwaka 2032, sensa inayofuata ikifanyika kwa utaratibu wake wa miaka kumi. Njia ya chini inatabiri watu 1,048,000, ya kati 1,276,000, ya juu 1,423,000. Kila mwaka kabla ya hapo, idadi ya wateja wapya na mapaa mapya yanayoonekana kwenye picha za angani vilinganishwe na njia ya kati. Sensa ikija karibu na 1,276,000, awamu ya pili inaendelea kwa ratiba. Ikija karibu na 1,423,000, imebaki miaka sita kabla ya lita milioni 254 kwisha, na fedha za chanzo kinachofuata zinapaswa kutafutwa mwezi huohuo.